Shaka kubwa ya titresheni iko kwenye bureti

Nakerwa kila ninapokuta ripoti ya titresheni inayotaja ukolezi wa asidi kuwa 0.101636 M. Tarakimu zote hizo zimetoka kwenye kikokotoo. Vyombo vilivyotumika haviwezi kuzitetea.

Tuseme umepima gramu 1.3250 za kabonati ya sodiamu kavu, ukaiyeyusha na kujaza maji hadi mililita 250 kwenye chupa ya ujazo. Kisha ukachota mililita 25.00 kwa pipeti, na asidi hidrokloriki kutoka kwenye bureti ikatumika mililita 24.60 hadi kiashiria kilipogeuka rangi.

Hesabu ya ukolezi ni ya kuzidisha na kugawanya, kwa hiyo kila shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea, hugeuzwa kwanza kuwa asilimia ya kipimo chake. Mizani yenye shaka ya gramu 0.0001, ikisomwa mara mbili, inaleta takriban 0.01%. Chupa yenye ±0.15 mL inaleta 0.06%, na pipeti yenye ±0.03 mL inaleta 0.12%.

Bureti nayo husomwa mara mbili, mwanzo na mwisho, tuseme kila mara kwa ±0.05 mL. Wengi huusahau usomaji wa mwanzo wanapoanzia sifuri, ilhali hata hiyo sifuri imesomwa kwa jicho. Chukua mraba wa kila shaka, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata 0.07 mL, yaani 0.29% ya 24.60. Asilimia zote nne huunganishwa kwa njia hiyohiyo:

√(0.01² + 0.06² + 0.12² + 0.29²) ≈ 0.32%

Jibu la kuandika basi ni 0.1016 ± 0.0003 M.

Ndiyo maana naona ni kupoteza nguvu kugombania mizani bora kwa kazi kama hii. Ukitumia mizani yenye shaka mara kumi zaidi, jumla inapanda kutoka 0.32% hadi 0.34% tu. Lakini asidi ikitumika nusu ya ujazo ule, mililita 12.30, shaka ya bureti peke yake inafika 0.57%. Ni afadhali kupanga ukolezi wa miyeyusho mapema ili bureti itoe mililita 20 na kuendelea.

Hesabu hii ina mpaka wake. Ukizoea kupitiliza rangi ya mwisho kwa tone moja, majibu yako yatafanana vizuri kabisa, na yote yatakuwa na kosa lilelile: ujazo wa asidi utazidi, ukolezi utaonekana mdogo. Kurudia hakulifichui. Weka pembeni chupa yenye rangi sahihi ya kulinganishia, na ukikaribia mwisho gusisha nusu tone ukutani mwa chupa, ulisukume ndani kwa maji yaliyokenekwa.