Saa ya molekuli: tuiseti kwa taya la Rukwa au kwa DNA ya familia za leo?

Mwaka 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walipima tofauti za albumini, protini ya damu, kati ya binadamu, masokwe na nyani. Wakachukua tarehe moja tu ya kuisetia saa yao, yaani hesabu inayogeuza tofauti za molekuli kuwa miaka: nasaba ya masokwe na nasaba ya nyani ziliachana miaka milioni 30 iliyopita. Kutokana na hiyo wakakokotoa kwamba binadamu na sokwe wa Afrika waliachana miaka kama milioni 5 tu iliyopita. Wataalamu wa visukuku waliwapinga vikali, maana wengi wao waliamini kwamba Ramapithecus, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 10, alikuwa tayari upande wa binadamu. Miaka kama kumi na mitano baadaye, visukuku kamili zaidi kutoka Pakistani vikaonyesha kuwa mnyama huyo yuko karibu zaidi na orangutangu. Maabara ikaonekana imeshinda.

Tangu hapo imekuwa kawaida kusimulia kisa hicho kama ushindi wa molekuli dhidi ya mifupa. Mimi naona kinapotosha kidogo. Ile milioni 30 nayo ilitoka kwenye visukuku, na hesabu nzima ilisimama juu ya dhana kwamba mabadiliko hujikusanya kwa kasi moja katika nasaba zote. Dhana hiyo ndiyo inayosumbua mpaka leo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ili upate T, muda tangu spishi mbili zitengane, chukua d, tofauti ya DNA kati yao, igawe kwa mara mbili ya r, kasi ya mabadiliko, kwa sababu kila tawi limekuwa likibadilika kivyake tangu watengane:

T = d / (2 × r)

Tatizo ni kwamba DNA inakupa d peke yake. Tofauti kubwa inaweza kuwa ya muda mrefu na kasi ndogo, au ya muda mfupi na kasi kubwa, na hakuna kitu ndani ya herufi za DNA kinachoweza kukuambia ni ipi. Lazima mtu alete taarifa kutoka nje. Hapo ndipo kambi mbili zinapogawanyika: moja inaleta mwamba wenye tarehe, nyingine inaleta familia za watu walio hai.

Kambi ya mwamba ina ushahidi mzuri kutoka Tanzania. Mwaka 2013 timu iliyofanya kazi katika Bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi, ilitangaza visukuku viwili. Rukwapithecus, kipande cha taya la chini chenye meno, amewekwa upande wa masokwe. Nsungwepithecus, kipande kidogo cha taya chenye gego la mwisho, amewekwa upande wa nyani. Tabaka lililovitoa lilipewa umri wa miaka milioni 25.2 kwa kupima majivu ya volkano. Kama kila mmoja amewekwa mahali pake sawasawa, basi kufikia wakati huo nasaba hizo mbili zilikuwa zimekwisha kutengana.

Angalia jinsi dai hilo lilivyo. Linasema "si baadaye ya hapo". Halisemi walitengana lini. Nasaba mbili zinapoachana, wanyama wake hubaki wakifanana kwa muda mrefu kabla meno yao hayajapata alama za kuwatofautisha, na wachache mno kati yao hugeuka visukuku. Kwa hiyo kisukuku hutoa umri wa chini kabisa. Umri wa juu ni mgumu zaidi kuupata. Mwaka 2010 Saadanius alitangazwa kutoka Hijazi, karibu na Makka, akiwa na umri wa miaka kama milioni 28 hadi 29. Hana alama za masokwe wala za nyani wa baadaye, na baadhi ya watafiti walimchukua kama dalili kwamba utengano ulikuja baada yake. Wengine walijibu kuwa mnyama wa kale anaweza kuendelea kuishi sambamba na wajukuu wa binamu zake, hivyo kuwepo kwake hakuzuii utengano kuwa wa zamani zaidi. Nakubaliana na hao wa pili. Kutoona kitu kwenye mwamba ni ushahidi dhaifu, hasa barani Afrika ambako tabaka za umri huo zilizochimbwa vizuri ni chache.

Kambi ya pili inasema, basi tuachane na mwamba, tupime kasi moja kwa moja. Mwaka 2012 watafiti wa Aisilandi walisoma DNA yote ya familia 78, baba, mama na mtoto, wakahesabu herufi ambazo mtoto anazo na wazazi hawana. Wakapata mabadiliko kama 1.2 kwa kila herufi milioni 100 kwa kizazi. Ukigawa kwa miaka ya kizazi, inakuwa takriban nusu ya badiliko kwa kila herufi bilioni moja kwa mwaka. Hiyo ni kama nusu ya kasi ambayo vitabu vilikuwa vikitumia kwa msingi wa visukuku, yaani badiliko moja kwa bilioni kwa mwaka.

Sasa tuziweke kasi hizi mbili kazini. Binadamu na sokwe mtu hutofautiana kwa herufi kama 12 katika kila 1,000. Kwa kasi ya vitabu, T ni miaka milioni 6. Kwa kasi ya familia, ni milioni 12. Lakini hizo ni tarehe za DNA, si za spishi. Nakala mbili za jeni zilikuwa zimekwisha kuachana ndani ya jamii ya mababu kabla jamii yenyewe haijagawanyika. Tukichukulia, kwa mfano, mababu 50,000 wanaozaliana na kizazi cha miaka 25, wastani wa muda huo ni 2 × 50,000 × 25, yaani miaka milioni 2.5. Ukiutoa, unabaki na milioni 3.5 kwa kasi ya vitabu na milioni 9.5 kwa kasi ya familia.

Milioni 3.5 haiwezekani. Nyayo za Laetoli zina umri wa miaka kama milioni 3.66, na walioziacha walikuwa wakitembea wima kwa miguu miwili. Orrorin wa milima ya Tugen, Baringo, anayehesabiwa upande wa binadamu, ana miaka kama milioni 6. Hapo kambi ya familia inashangilia.

Ila peleka kasi yao hiyohiyo nyuma zaidi. Binadamu na tumbili wa rhesasi, ambaye ni wa nasaba ya nyani, hutofautiana kwa takriban asilimia 6.5. Gawa 0.065 kwa mara mbili ya nusu-kwa-bilioni, unapata miaka milioni 65, wakati dinosaria ndio kwanza wametoweka. Hakuna mtaalamu wa visukuku atakayekubali masokwe na nyani wawe wametengana wakati huo. Kwa maneno mengine, kasi ya vitabu inavunjika karibu, kasi ya familia inavunjika mbali. Tafsiri inayobaki ni kwamba kasi haikuwa moja: imepungua kadiri tunavyokaribia leo.

Sababu inaeleweka kwa sehemu. Mabadiliko mengi hutoka upande wa baba, katika seli zinazozalisha mbegu za kiume. Ile data ya Aisilandi ilionyesha kila mwaka unaoongezeka kwenye umri wa baba huongeza kama mabadiliko mawili kwa mtoto. Lakini sehemu ya mabadiliko ya kila kizazi huja mapema, bila kujali baba atachelewa kiasi gani kuzaa. Spishi inayokawia kuzaa hugawanya mzigo huo kwa miaka mingi zaidi, na kasi yake kwa mwaka inashuka. Masokwe wamekuwa wakirefusha vizazi vyao, na binadamu zaidi ya wote.

Mwaka 2019 Søren Besenbacher na wenzake walipima familia chache za sokwe mtu, gorila na orangutangu, wakakuta kasi yao kwa mwaka ni kama mara 1.5 ya yetu. Walipoitumia, utengano wa binadamu na sokwe mtu uliangukia karibu miaka milioni 6.6 iliyopita. Namba hiyo inapendeza, inakaa vizuri na Orrorin. Naipokea kwa tahadhari kwa sababu familia zilikuwa chache, na Sahelanthropus wa Chadi, mwenye miaka kama milioni 7, tayari anaisukuma ikiwa kweli yuko upande wetu.

Hapo mtu atasema, si tupime tu kila nasaba kivyake? Jaribio la zamani la kulinganisha kasi hufanya kazi hiyohiyo. Unachukua spishi ya mbali, mathalani tumbili wa Amerika Kusini, unapima umbali wake hadi kwa binadamu na hadi kwa nyani. Kama kasi ni sawa, umbali utakuwa sawa. Hauko sawa: tawi la nyani ni refu zaidi. Jaribio limefichua tofauti, lakini lina upofu mmoja mkubwa. Matawi yote mawili yakipunguza kasi kwa pamoja, halitaona kitu. Na mwaka 2020, kipimo cha familia za nyani kilipotoka, kasi yao kwa mwaka ilikuwa juu ya yetu kwa kiasi kidogo tu, hivyo hesabu ikarudi tena karibu na milioni 65. Waliopima wakaona kuwa huenda kasi imeshuka pande zote mbili. Kwangu mimi hili ndilo pigo kubwa zaidi kwa kambi ya familia: vipimo vya walio hai, hata viwe vingi, vinaeleza kizazi cha leo tu.

Kompyuta haijatuokoa pia. Programu za kukadiria tarehe za utengano, kama BEAST, huruhusu kila tawi liwe na kasi yake, zikichorwa kutoka mgawanyo mmoja wa uwezekano. Hilo ni bora kuliko kulazimisha kasi moja, ila hata ukiipa DNA isiyo na mwisho, upana wa tarehe hauishi. Unafikia kikomo kinachowekwa na mipaka ya umri uliyoiandika wewe mwenyewe kutokana na visukuku. Mbaya zaidi, mipaka ya matawi jirani hubanana, kwa kuwa mzazi lazima awe mkubwa kuliko mtoto, na umri unaotumika kweli unakuwa tofauti na ulioandika. Njia ya kugundua ni kuiendesha programu bila DNA kabisa, kisha kulinganisha. Kama tarehe zinatoka zilezile, DNA haijasema lolote na unachokisoma ni dhana zako zilizorudishwa zikiwa na mistari ya makosa, ile inayoonyesha upana wa tarehe, juu yake. Makala isiyoonyesha ulinganisho huo mimi huisoma kwa shaka, hata kama mistari yake ya makosa ni mifupi.

Kwa utengano wa karibu, ndani ya spishi au kati ya binamu waliozaa kwa umri unaofanana, ningeanza na kasi ya familia. Kwa utengano wa mbali, ningemwamini mwenye taya la Rukwa, mradi asidai kuwa milioni 25.2 ndiyo tarehe yenyewe. Kwa binadamu na sokwe mtu, tuliopo katikati, sioni sababu ya kutaja tarehe nyembamba kuliko kati ya miaka milioni 6.5 na 9, na anayetaka kuibana zaidi inabidi alete kwanza familia nyingi zaidi za masokwe, au visukuku vya nasaba ya sokwe mtu, ambavyo mpaka sasa ni haba mno.