Kit Kat ingesemaje kwa Kiswahili?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Donald Gilles, mwandishi wa matangazo katika wakala wa J. Walter Thompson jijini London, aliiandikia chokoleti ya Kit Kat kaulimbiu ambayo ingali inatumika: "Have a break, have a Kit Kat." Katika makala haya nataka kuitumia kaulimbiu hiyo kama zoezi, kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko nyingine nyingi kwamba mfasiri anayeanza na maneno ya Kiingereza ameanza mahali pasipofaa. Naandika kama mtu wa kazi ya tafsiri anayejaribu kalamu yake, wala sijui ofisi yoyote iliyoniomba jambo hili.

Tuanze na kile ambacho kaulimbiu hiyo inamfanyia Mwingereza. Neno la tatu ndani yake lina maana mbili kwa wakati mmoja, yaani mapumziko mafupi ya kazini na kitendo cha kuvunja kitu, na chokoleti yenyewe imeundwa kwa vijiti ambavyo mlaji huvivunja kimoja kimoja kabla ya kula. Kwa hiyo msikilizaji anapewa ushauri na maelekezo ya matumizi kwa pumzi moja, na anatabasamu kidogo anapogundua. Kisha kuna mwendo wa sauti. Maneno yote ni saba na kila moja lina silabi moja tu, nusu ya pili inarudia mwanzo wa nusu ya kwanza, na jina la bidhaa ndilo linalofunga. Mwendo huu una nguvu kiasi kwamba Nestlé, waliomiliki Kit Kat tangu waliponunua kampuni ya Rowntree mwaka 1988, walitaka kusajili maneno matatu ya mwanzo peke yake kama alama ya biashara nchini Uingereza. Mars, kampuni inayoshindana nao, wakapinga, na shauri likafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 2005 ilisema kwamba sehemu ya kaulimbiu inaweza kupata utambulisho wake kutokana na kutumiwa ndani ya kaulimbiu nzima. Nusu hiyo ikitamkwa, kichwa cha msikilizaji humalizia nyingine.

Sasa tafsiri ya moja kwa moja: "Pata mapumziko, pata Kit Kat." Kisarufi haina kosa, na mteja akiirudisha kwenye Kiingereza atafurahi kukuta maneno yake yote yapo salama. Lakini isome kwa sauti. "Pata mapumziko" ni maneno ya daktari kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, au ya mkuu wa idara kwa mtumishi anayemtilia shaka. Maana ya kuvunja imetoweka, kwa hiyo hakuna mzaha. Na neno lenyewe lina kivuli kizito, kwa kuwa "pumzika kwa amani" na "pumziko la milele" ni maneno tunayoyasoma kila siku kwenye tanzia. Sidai kwamba msikilizaji atawaza kaburi akiona chokoleti; nasema tu kwamba neno hili si jepesi kama lile la Kiingereza, na wepesi ndio uliokuwa ukiuzwa.

Hatua ya pili ya mfasiri mwenye ujuzi ni kuacha maneno na kuifuata mbinu: atafute kitenzi cha Kiswahili chenye maana mbili zinazofanana na zile. Hapa ndipo kazi inaponoga, na pia ndipo mitego ilipo. Kitenzi "vunja" ndicho kinachotajwa kwanza, maana chokoleti ngumu huvunjwa. Kina maisha ya kupendeza katika lugha: tunavunja mbavu kwa kucheka, tunavunja kikao, na watu wa pwani huvunja jungu kwa kula na kufurahi siku za mwisho kabla ya Ramadhani. Hata hivyo hakuna "vunja" yenye maana ya kupumzika, na mtu akilazimisha "vunja kazi" atasikika kama anayevunja mkataba. Kitenzi "mega" kina ulaini mzuri zaidi, kwa sababu humega tonge au mkate kumpa mwenzako, lakini katika lugha ya vijana kumega kumekuwa na maana ya kuchukuliana wapenzi, na vijana hao ni miongoni mwa wanunuzi wa chokoleti. Kaulimbiu yenye "mega" ingeenea kwa kasi sana, kwa sababu ambazo mwenye bidhaa asingezipenda.

Kisha inakuja familia ya "kata", na hapa nakiri nilisisimka. Kutokana na "kata" tunapata "katiza", yaani kusimamisha jambo linaloendelea. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika: "Katiza kazi, kata Kit Kat." Amri mbili zimefuatana, mzizi mmoja umetumika kwa maana mbili, sauti za k na t zimetanda mwanzo hadi mwisho, na jina la bidhaa limefunga sentensi huku likionekana kama ndugu wa vitenzi vilivyotangulia. Kwa kipimo cha mbinu, hii inakaribia kabisa kazi ya Gilles. Nyingi katika semina zetu za tafsiri zingeishia hapa kwa makofi.

Mimi ningeikataa. Anayekatiza, kwa kawaida, anaharibu: msichana amekatizwa masomo, hotuba imekatizwa na kelele, maisha yamekatizwa na ajali. Kukatiza kazi ni jambo linalofanywa na mgomo au na umeme unapokatika. Mwingereza anapoambiwa apumzike kidogo anasikia ruhusa ya kirafiki, ilhali sisi tungesikia usumbufu. Mbinu imehama salama na hisia imebaki London. Hili ndilo jambo ninalobishana nalo mara kwa mara na wenzangu, kwa sababu wanaamini kwamba mchezo wa maneno ukilipwa kwa mchezo wa maneno deni limekwisha. Mchezo ulikuwa chombo tu. Kilichokuwa kikitafutwa ni mtu aliyechoka aone saa nne asubuhi au saa kumi jioni kama wakati wa kipande cha chokoleti.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha ile maana ya kuvunja, nayo haimo katika kamusi. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, na huanza kulainika kabla ya hapo. Katika duka lisilo na jokofu Dar es Salaam au Mombasa, mchana wa Februari, kijiti cha Kit Kat hakitoi ule mlio mkavu unaosikika kwenye tangazo; kinapinda na kuacha alama kwenye vidole. Kaulimbiu ya Kiswahili iliyojengwa juu ya mlio huo ingeahidi kitu ambacho wanunuzi wengi wa pwani hawakipati. Tangazo la televisheni likiutaka, lina picha na sauti zake za kulionyesha hilo, na maneno yanaweza kupumzishwa na mzigo huo.

Kinachobaki kuhamishwa ni vitu viwili: wakati wa kupumua ndani ya siku ya kazi, na mwendo unaolazimisha jina la bidhaa lije lenyewe. Tukiuliza swali hilo, Kiswahili kinajibu haraka mno, kwa neno "katikati". Kit Kat huliwa katikati ya kazi, katikati ya safari, katikati ya somo na somo. Na mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake hupenda silabi ziishe kwa irabu, akilitamka jina hilo kwa ulimi wake mara nyingi hutoa kitu kinachokaribia "Kitikati". Basi kaulimbiu yangu ni hii: "Katikati, Kit Kat."

Silabi nne kwa nne, tofauti ikiwa irabu moja tu. Hakuna amri ndani yake, kwa hiyo hakuna daktari wala bosi. Maana ya mapumziko haikutajwa, lakini neno "katikati" linamlazimu msikilizaji ajiulize katikati ya nini, na jibu analitoa yeye kwa siku yake mwenyewe. Mwanafunzi atajaza chake na dereva chake. Kwa redio, ambako kuna nafasi zaidi, mtu anaweza kuinyoosha iwe mshororo kamili wa mizani kumi na sita: "Ukifika katikati, kata kwanza Kitikati." Nane ukwapi, nane utao, vina vya kati na vya mwisho vimelingana, na "kata" imerudi bila ubaya wa "katiza". Msikilizaji hahitaji kujua kuhesabu mizani. Sikio lake limezoea mapigo hayo tangu utotoni.

Wajapani walifika mahali kama hapo bila mfasiri. Jina la bidhaa hii kwa matamshi yao hukaribiana na "kitto katsu", maneno yenye maana ya "hakika utashinda", na wazazi na marafiki wakaanza kuwapa watahiniwa chokoleti hiyo kama dua ya heri. Kampuni ikaifuata njia hiyo, hata mwaka 2009 ikashirikiana na posta ya Japani kuuza Kit Kat inayoweza kuandikwa ujumbe na kutumwa kama barua. Ule mchezo wa kuvunja na kupumzika haumo kabisa katika hayo yote.

Ugumu mkubwa huja mezani kwa mteja. Desturi ni kwamba kila kaulimbiu itafsiriwe tena kurudi Kiingereza ili ofisi ya mbali iikague, na "Katikati, Kit Kat" ikirudi hivyo inakuwa sentensi butu kuhusu mahali. Kwa sababu hiyo sikubali kamwe kupeleka tafsiri ya kurudi ikiwa peke yake. Napeleka mapendekezo matatu, na chini ya kila moja naeleza maana ya neno kwa neno, kisha sauti inafanya nini, kisha msikilizaji anahisi nini na ni nini kilichoachwa kwa makusudi. Katika zoezi hili "Katiza kazi" ingekuwa la pili kwenye karatasi, pamoja na sababu za kulikwepa, kwa kuwa mkaguzi atalipenda akiliona na ni heri akute limeshajibiwa. Pia nadai malipo kwa saa. Anayenilipa kwa neno ananilipa maneno saba, na kwa malipo hayo nitampa "Pata mapumziko".

Kabla ya kuikabidhi, huwasomea watu ambao hawajaambiwa chochote, wa Nairobi na wa Tanga, wakubwa kwa wadogo, kisha baada ya muda nawauliza walisikia nini. Wakikumbuka maana na kusahau jina, imeshindwa. Wakicheka pasipostahili kucheka, nauliza kwa nini, na hapo ndipo maneno kama "mega" hukamatwa. Na kama hakuna pendekezo lililopita, namshauri mteja aache Kiingereza chake kama kilivyo, kwa maana wanunuzi wengi wa mijini wanakielewa, na kaulimbiu ya kigeni yenye mwendo wake inauza kuliko ya Kiswahili iliyokufa ganzi.