Dereva wa Ruaha, nyota za wageni na cheti kilichoisha muda

"Mkuu, nimeendesha wageni Ruaha misimu mingi. Simu yangu imejaa meseji za kunisifu, na mtandaoni nimetajwa kwa jina mara kibao. Lakini kila nikiomba kazi, kampuni wananiuliza cheti cha huduma ya kwanza kimeisha lini na Kiitaliano nimesomea wapi. Maneno ya wageni siku hizi hayana maana?"

Yana maana, ila si yote, na mara nyingi yale tunayoyaweka mbele ndiyo mepesi kuliko mengine. Manung'uniko haya nimeyasikia Iringa na Mbeya pia: waajiri wanapenda karatasi, wanapendelea vijana wa Arusha waliopita vyuoni, hawamjali mtu anayezijua njia za Mwagusi, mto wa mchanga ndani ya hifadhi, usiku na mchana. Kuna ukweli humo, nitaufikia. Ila upande wa mwajiri huwa hausimuliwi, kwa hiyo nianze nao.

Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kilomita 130 hivi. Mgeni akiumia ukiwa ndani kabisa, unaanza kwa kurudi kambini au kwenye uwanja mdogo wa ndege kwa mwendo ambao hifadhi inaruhusu, kisha unasubiri ndege au unashika njia ya hospitali ya mkoa. Katika muda wote huo, daktari wa mgeni ni dereva. Mwenye kampuni analijua hilo, na wakala wa Ulaya aliyemuuzia mgeni safari analijua zaidi, kwa sababu agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu safari za kifurushi linambebesha wakala wajibu hata kwa huduma iliyotolewa na mtu mwingine huku kwetu. Wakala huyo anapoandika kuuliza madereva wamefunzwa nini na lini, mwenye kampuni hawezi kumjibu kwa nyota tano. Anahitaji jina la mafunzo, aliyeyatoa, tarehe, na siku ambayo cheti kinaisha.

Tena nyota zenyewe mwajiri mzoefu anazisoma kwa jicho jingine. Nilikaa na dereva mmoja wa Kihesa, Iringa, tukapitia maoni aliyokuwa ameyakusanya ili ayabandike kwenye wasifu wake. Aliloliweka juu kabisa liliandikwa na mgeni mwenye furaha: dereva bora, mcheshi, tumeona simba 12, na siku ya mwisho alitoka barabarani akatupeleka mpaka chini ya mti alipokuwa chui. Yeye alisoma sifa. Meneja wa kambi atasoma kwamba mtu huyu, akipewa gari la kampuni, anaacha njia mahali ambapo hairuhusiwi ili mgeni afurahi, na pengine ili tipu inenepe. Faini italipwa na nani? Na simba 12 ni bahati ya kiangazi, maji ya Ruaha Mkuu yanapopungua na wanyama kubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Mgeni anasifu alichokiona, na usalama unapokwenda sawasawa hauonekani.

Chini kabisa ya rundo kulikuwa na maoni mawili aliyotaka kuyatupa. La kwanza lilikuwa la nyota tatu. Mgeni analalamika kwamba walipoteza nusu siku kwa sababu dereva alikataa kuvuka korongo lililokuwa na maji, ingawa yeye mgeni aliona maji si mengi na ng'ambo ilikuwa hapo tu. Soma tena kama mwajiri. Makorongo ya Ruaha ni mchanga mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ikinyesha juu huko, maji hushuka ghafla hata kama ulipo kuna jua. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yanaweza kuyasomba magari mengi, hata yale mazito, na mchanga wa chini ukiwa unahama hujui tairi litashika wapi. Dereva alisimamisha gari, akasubiri, akapoteza sifa. Katika karatasi zake zote hakuna cheti kinachoshinda lalamiko hilo, maana limeandikwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kumsaidia.

La pili lilikuwa barua pepe fupi, haina nyota wala neno "bora". Mume anaeleza kwamba mkewe alizidiwa na joto saa saba mchana. Dereva akapeleka gari kivulini, akamlaza kwenye kiti, akamlowesha shingo na kwapa kwa kitambaa cha maji, akampa maji ya kunywa kidogo kidogo, akaita kambi kwa redio, na akaendelea kuongea naye kila baada ya dakika chache kuona kama anajibu sawasawa. Hayo ni mafunzo ya usalama yakisimuliwa na shahidi. Tuliiweka mara tu baada ya mstari wa cheti, mistari mitatu tu iliyokatwa kutoka kwenye barua, bila jina kamili la mgeni wala anwani yake, na baada ya kumwandikia kumwomba ruhusa. (Picha za skrini zenye namba za simu za wageni ziacheni, jamani. Mwajiri akiziona anajiuliza wageni wake nao utawaanika wapi.)

Sasa upande wa dereva, ambao nao una haki yake. Cheti kinaweza kudanganya. Ustadi wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6 kama hurudii mazoezi. Vyeti vingi vya huduma ya kwanza vinaandikwa kuwa halali kwa miaka miwili au mitatu. Jambo hili limenisumbua sana, kwa sababu linawageukia waajiri wenyewe: mwenye cheti kinachomalizika mwezi ujao huenda ana miaka miwili hajagusa mdoli wa mazoezi, na mwenye cheti kilichoisha juzi, lakini aliyefanya mazoezi kambini mwezi uliopita, ana mikono mizuri kuliko yeye. Karatasi inampa wa kwanza kazi. Kwa hiyo nilimwambia yule wa Kihesa aandike vyote viwili: tarehe ya cheti na siku ya mwisho ya matumizi yake, kisha mazoezi ya mwisho yalifanyika lini, wapi, na alifanya nini kwa mikono yake. Kama cheti kimeisha, aseme kimeisha na amejiandikisha kurudia tarehe gani. Kuficha tarehe ndiko kunakomtia mwajiri wasiwasi, kwani jambo la kwanza analofanya ni kupiga simu kwa waliokitoa.

Baada ya hapo atakupima kwa mdomo, na hapo ndipo wenye vyeti vizuri wanaanguka. Swali lililozoeleka ni la nyoka: mgeni ameumwa na kifutu kwenye kifundo cha mguu, utafanya nini? Anayejibu kwamba atafunga kamba juu ya jeraha, atachanja au atanyonya sumu, ameonyesha kuwa alisinzia darasani. Jibu wanalolitafuta halina ushujaa. Unawaondoa watu karibu na nyoka, unamtuliza mgonjwa, unamvua kiatu na chochote kinachobana kabla mguu haujavimba, unauzuia mguu usichezecheze, unaita msaada kwa redio na unaanza safari ya hospitali. Nyoka hakimbizwi. Ukiweza kulijibu hili kwa Kiingereza kilekile unachotumia na wageni, umejibu maswali mawili kwa pamoja.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na sitakaa sana. Dereva wetu alikuwa ameandika "Kiitaliano: vizuri". Alikichuma Tosamaganga, kwa mapadri na madaktari wa Kiitaliano, wala hakuna aibu katika hilo. Wamisionari wa Konsolata wako Iringa tangu 1919 na wengi huku wamejifunza kwa masikio. Lakini "vizuri" haipimiki. Mwajiri atampa mtu simu aongee naye dakika tano kuhusu pancha na choo kiko wapi, na neno hilo litayeyuka. Tukaandika anachoweza: kuwapokea wageni, kueleza kanuni za ndani ya gari, kumwambia mtu akae chini na anyamaze tembo anaposogea, kumuuliza mgonjwa panauma wapi na tangu lini. Kwa historia ya Mkwawa pale Kalenga au zana za mawe za Isimila, anahitaji mkalimani. Mwenye cheti cha kiwango, tuseme B1, yaani ngazi ya kati, akitaje na mwaka wake, ila orodha ya anachoweza ibaki. Na Kihehe, ambacho hakukiandika kabisa, kikaongezwa. Gari likikwama usiku kati ya Idodi na Tungamalenga, lugha itakayoleta watu wa kusukuma si Kiitaliano.

Anayeomba kazi Mbeya asinakili wasifu huu. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, wageni wanatembea kwa miguu kwenye maua, juu ya mita 2,600. Hatari ni baridi, ukungu na mtu kulowana mbali na gari. Kwenye mteremko wa Mlima Ngozi ni kifundo kilichoteguka. Maoni ya mgeni anayesema muongozaji aligeuza kundi mapema ukungu ulipoanza kushuka yana uzito kule kuliko simba wote wa Ruaha.

Lililobaki ni lile la haki ambalo madereva wako sahihi kulipigia kelele: nani analipa. Mafunzo mazuri ya huduma ya kwanza ya porini mara nyingi yako Arusha au Dar es Salaam, na dereva wa msimu anayekwenda huko analipa nauli, malazi na ada, huku akipoteza siku za kazi, kwa cheti ambacho faida yake ya kwanza ni kumlinda mwenye kampuni dhidi ya wakala wake. Aprili na Mei kambi kadhaa za Ruaha hufunga kwa mvua na madereva wako nyumbani. Kampuni tatu au nne za Iringa zikichanga, mkufunzi mmoja akaletwa mjini kwa siku mbili, gharama kwa kichwa inashuka na mazoezi yanafanyika kwenye magari yaleyale watakayoyaendesha Juni. Mwajiri anayedai cheti kila mwaka na hajawahi kuchangia hata ukumbi, dereva ana haki ya kumuuliza hilo kwenye usaili, kwa adabu, kabla hajasaini.