Mediani Iliyotoroka Kundi Lake

Najua habari mmeshaletewa, ya mimi kukosea mediani, ile alama ya katikati, ubaoni mbele ya darasa. Aliyeisambaza ni mwalimu mwenzangu aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa, na ametia chumvi: sikulia. Jasho liliingia machoni, basi.

Jedwali lilikuwa la alama za wanafunzi 40. Wa 31–40 walikuwa 4, wa 41–50 walikuwa 9, wa 51–60 walikuwa 15, wa 61–70 walikuwa 8, wa 71–80 walikuwa 4. Nikapanga marudio limbikizi kwa madaha: 4, 13, 28, 36, 40. Nusu ya 40 ni 20. Wa 20 hayumo kwenye wale 13 wa mwanzo, yumo kwenye wale 28, kwa hiyo mediani iko 51–60. Nikapiga mistari miwili chini yake. Ikumbukeni hiyo mistari.

Sasa kwenye 20 unatoa waliokwishapita kabla ya kundi hilo, yaani 13. Mimi kidole kilikuwa juu ya 28, mstari uleule, nikatoa 28. Ikaja hasi 8. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikawaambia, "Msiogope hasi." (Acheni kucheka, bado.) Nikagawa kwa 15, nikazidisha kwa 10, nikajumlisha na 50.5, nikaandika 45.17 kwa herufi za kupendeza na kuizungushia kiboksi.

Kimya. Binti wa dawati la mbele akanyosha mkono polepole, kama anayenionea huruma.

"Samahani, mwalimu. Ulisema mediani iko 51 mpaka 60."

"Ndiyo."

"Hiyo 45 iko kundi la kabla yake. Na walio chini ya 50.5 ni 13 tu. Wale 20 tutawatoa wapi?"

Nikaitazama mistari yangu miwili. Nayo ikanitazama.

Kwa hofu nikafuta na kuanza upya mbiombio: 51, jumlisha 7 gawa kwa 15 mara 9. Ikaja 55.2. Nikashusha pumzi. Mkono uleule ukapanda.

"Mwalimu, kundi linaanzia 50.5 na linaishia 60.5. Upana ni 10, siyo 9."

Akaja ubaoni mwenyewe:

50.5 + (20 − 13)/15 × 10 = 55.17

Ukikadiria kwa desimali moja, 55.2. Makosa yangu mawili yalikuwa yamefutana! Moja lilipandisha kwa nusu alama, jingine likashusha kwa karibu kiasi hicho. Nikataka kujitetea kwamba hata hiyo 55.17 ni makadirio, maana tunajifanya wale 15 wamejipanga kwa nafasi sawa ndani ya kundi. Ni kweli kabisa, ila hakuna aliyekuwa ananisikiliza; walikuwa wanampigia makofi yeye.

Kengele ikalia, nikatoka. Ofisini nimekuta kikaratasi mezani kwangu: "Msiogope hasi." Mwandiko naujua.