PSA 5.8 ukiwa na miaka 54: namba inasema nini, na haisemi nini

"Nina miaka 54. Nimepima PSA imetoka 5.8 na karatasi ina alama ya H, yaani iko juu. Mdogo wangu anasema hiyo ni saratani tayari. Nikubali kutolewa kinyama sasa hivi au nisubiri?"

Mdogo wako amekimbilia mwisho wa hadithi. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au yenye ugonjwa, ili shahawa ziwe majimaji baada ya kutoka. Nyingi hubaki ndani ya tezi. Maabara inapima ile kidogo iliyovujia kwenye damu. Kipimo kinaeleza kiasi kilichovuja, lakini sababu ya kuvuja hakiijui. Saratani huvujisha. Tezi iliyokua kwa ajili ya umri nayo huvujisha, na tezi yenye maambukizi inaweza kupandisha PSA hadi makumi kisha ikashuka.

Wanaosema utolewe kinyama mapema wana hoja nzito. Kwa wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani akitolewa kinyama. Robo si kitu cha kupuuza, hasa kwa ugonjwa ambao ukiwa mchanga hauna maumivu wala dalili yoyote. Ila igeuze hesabu hiyo: watatu kati ya wanne hawakutwi nayo. Na mstari wa 4, ambao wengi huuchukulia kama kikomo cha kawaida, si ukuta. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, asilimia 15 hivi ya wanaume wenye PSA isiyozidi 4 walikutwa na saratani, nyingi zikiwa za aina isiyo kali.

Upande wa pili unaangalia gharama ya sindano inayotumika kutoa hicho kinyama. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 12 hivi, na baadaye mtu anaweza kuona damu kwenye mkojo au shahawa, au kupata maambukizi yatakayomlaza. Kuna pia saratani zinazokwenda polepole mno, ambazo mtu angezeeka nazo bila kuzijua. Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT ulifuatilia kwa takriban miaka 15 wanaume waliogunduliwa kwa PSA saratani ikiwa bado ndani ya tezi. Waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa asilimia 3 hivi, wawe walifanyiwa upasuaji, walipigwa mionzi au walifuatiliwa tu.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania hatua ya tatu huku ya kwanza haijafanyika. Rudia kipimo. Kama ulikuwa na maambukizi ya mkojo, subiri wiki 6 hivi baada ya kupona. Siku mbili kabla ya kutoa damu usimwage shahawa, usiendeshe baiskeli, usifanye mazoezi mazito. Tumia maabara ileile, maana mashine hutofautiana. Na mwambie daktari kama unameza finasteridi kwa ajili ya tezi au nywele: ukiitumia miezi kadhaa hushusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo 5.8 yako ingekuwa sawa na kama 11 au 12, na hapo mazungumzo yangebadilika kabisa.

Tuseme umerudia na imebaki 5.8. Sasa ukubwa wa tezi ndio unaoamua uzito wa namba. Ultrasaundi au MRI ikionyesha tezi ya mililita 60, gawanya 5.8 kwa 60 upate karibu 0.10. Ikiwa tezi ni ya mililita 30, unapata 0.19. Madaktari wengi huanza kushuku zaidi kuanzia 0.15. Namba moja ya damu, wanaume wawili, shaka tofauti: wa kwanza tezi yake ni kubwa na uvujaji wake unaeleweka, wa pili tezi ni ndogo lakini inavujisha kupita kiasi. MRI yenyewe huonyesha pia kama kuna sehemu ya kushukiwa, na hapo sindano inalengwa badala ya kupapasa gizani. MRI safi hupunguza shaka bila kuifuta.

Kuna hali ambazo sitaki uzisubirishe. Daktari akikupima kwa kidole akagusa uvimbe mgumu, usibaki kwenye kurudia damu. Baba au kaka aliyeugua saratani hii huongeza hatari yako takriban maradufu, na kwa mtu wa namna hiyo ningekubali sindano kwa shaka ndogo zaidi. Pia jihadhari na antibayotiki anazopewa mtu asiye na dalili za maambukizi ili "kuona kama itashuka". PSA hupanda na kushuka yenyewe, na kushuka hakumaanishi saratani haipo.

Kwa hiyo wewe, kama kidole hakikugusa kitu na familia haina historia: rudia damu, na ikibaki juu omba tezi ipimwe ukubwa na MRI ifanyike kama inapatikana. Ukipata 0.10 na MRI safi, unaweza kukubaliana na daktari kufuatilia PSA kwa ratiba. Ukipata 0.19, au MRI ikionyesha doa, kubali sindano.