Kidonge cha usingizi saa nane usiku: hesabu ya saa zilizobaki

Tumchukue mama mmoja wa Mbagala, mwenye umri wa miaka 45, ambaye hulala saa nne usiku na hutoka na gari lake saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi kazini mjini kabla ya foleni kukaza. Usiku wa Jumanne anazinduka saa nane na nusu, macho makavu, na kwenye droo ya kitanda ana vidonge vya zolpidem vya miligramu 10 alivyoandikiwa na daktari. Anajua kuwa asipopata usingizi atashinda kazini akisinzia, na anajua pia kuwa kidonge kile humlaza haraka. Je, akimeze?

Hoja ya wanaosema akimeze si ya kipuuzi, na mara nyingi haielezwi ipasavyo. Mtu ambaye tatizo lake si kupata usingizi mwanzoni mwa usiku bali kuzinduka katikati yake hujikuta akimeza kidonge kila anapolala, kwa tahadhari tu, hata katika zile siku ambazo angelala hadi asubuhi bila msaada. Kama huzinduka siku mbili kwa juma, basi amemeza dawa siku tano asizozihitaji, na dawa hizi mwili huzizoea. Kungoja hadi shida itokee ndipo umeze ni njia ya kupunguza idadi ya vidonge kwa mwezi. Kwa mantiki hiyo hiyo, mwezi Novemba 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha zolpidem ya kuyeyushwa chini ya ulimi, iliyotengenezwa mahsusi kwa mtu aliyezinduka usiku wa manane na kushindwa kurudi usingizini.

Ila idhini hiyo ilikuja na masharti mawili, na humo ndimo jibu lilimofichwa. Kwanza, dozi yake ilikuwa miligramu 1.75 kwa mwanamke na 3.5 kwa mwanamume, yaani chini sana ya kidonge cha kawaida. Pili, mtumiaji alitakiwa awe na saa zisizopungua 4 za kulala kabla ya wakati aliopanga kuamka. Kwa dozi ndogo kiasi hicho bado zilidaiwa saa nne, na mama yetu wa Mbagala anazo tatu tu, huku kidonge alichonacho kikiwa na dawa karibu mara sita ya ile aliyopangiwa mwanamke.

Sababu ya kudai saa hizo ni namna dawa inavyotoka mwilini. Zolpidem huondolewa na ini, na kwa mtu mzima mwenye afya nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu hutoweka kwa takriban saa mbili na nusu, kisha nusu ya kilichobaki hutoweka kwa saa mbili na nusu nyingine, na kuendelea hivyo. Laiti angemeza miligramu 10 saa nne usiku, kufikia saa kumi na moja na nusu alfajiri zingekuwa zimepita saa saba na nusu, ambazo ni nusu tatu mfululizo, na kingebaki kama miligramu moja na robo. Akimeza saa nane na nusu, zitakuwa zimepita saa tatu tu, na kilichobaki ni zaidi ya miligramu 4. Hata akikata kidonge katikati na kumeza miligramu 5, atashika usukani akiwa na zaidi ya miligramu 2, ambazo bado zinazidi kile ambacho kingebaki kama angemeza kidonge kizima mwanzoni mwa usiku. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa haizingatii muda wa dawa kunyonywa tumboni, na muda huo ukihesabiwa hali huwa mbaya zaidi: dawa hufikia kilele chake kwenye damu baada ya saa moja na nusu hivi, na akiwa alikula chakula kingi usiku huo kilele huchelewa.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Januari 2013 mamlaka ile ile ya Marekani ilipunguza dozi iliyopendekezwa kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya vipimo kuonyesha kuwa saa nane baada ya kumeza miligramu 10, takriban asilimia 15 ya wanawake bado walikuwa na kiwango cha dawa kwenye damu kinachoweza kudhoofisha uendeshaji wa gari, ilhali kwa wanaume ilikuwa kama asilimia 3. Hao walikuwa wamepata usiku mzima. Mamlaka ya dawa ya Uingereza nayo hutaka zipite saa zisizopungua 8 kati ya kumeza zolpidem na kuendesha gari. Tukirudi nyuma saa nane kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri tunafika saa tatu na nusu usiku, maana yake ni kwamba kwa ratiba ya mama huyu, hata kidonge cha saa nne kingekuwa kimechelewa kwa nusu saa. Cha saa nane na nusu hakina hata nafasi ya kujadiliwa.

Mtu anaweza kujibu kwamba yeye anajijua, akiamka mzito hataendesha. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na watetezi wa kidonge, kwa sababu dawa hizi huathiri pia uwezo wa mtu kupima hali yake mwenyewe, na anayejiona macho kabisa anaweza kuwa na mkono unaochelewa kwenye usukani. Watafiti wa Uholanzi walilipima jambo hili barabarani, kwa kuwapa watu wazima wenye afya gari waliendeshe kwenye barabara kuu huku kamera ikipima gari linavyoyumba ndani ya njia yake. Waliopewa miligramu 3.5 za kuyeyusha chini ya ulimi waliyumba zaidi saa tatu baada ya kumeza. Baada ya saa nne tofauti na wasiomeza dawa ilikuwa imefifia. Kwenye jaribio hilo hilo, zopiklone ya miligramu 7.5, ambayo ni binamu wa zolpidem na hutoka mwilini polepole zaidi, ilikuwa bado inawayumbisha madereva saa tisa baada ya kumezwa. Kwa hiyo jina la dawa lina uzito sawa na saa ya ukutani.

Na majina yaliyomo kwenye droo za nyumba nyingi za kwetu si zolpidem. Ni diazepam iliyobaki kutokana na maumivu ya mgongo ya mwaka juzi, au piritoni ya mafua ambayo watu wameigeuza kuwa dawa ya usingizi. Kwa hizi hesabu ya saa zilizobaki haisaidii chochote. Nusu ya diazepam huchukua siku moja hadi mbili kutoka, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayolevya na inayokaa muda mrefu zaidi; ya Jumanne usiku itakutana na ya Jumatano usiku. Piritoni nayo huendelea kuzubaisha muda mrefu baada ya jua kuchomoza. Anayemeza mojawapo ya hizi saa nane usiku hana asubuhi ya kuitegemea, hata akilala hadi saa tatu.

Lipo kosa moja kubwa kuliko yote, nalo hutendwa na yule aliyekwisha kumeza kidonge saa nne. Anapozinduka saa nane anahisi dawa imemwangusha, hivyo anaongeza cha pili. Maelezo ya zolpidem ya Ulaya yanakataza waziwazi kurudia dozi ndani ya usiku mmoja, na sababu inaonekana kwenye hesabu ile ile, kwani robo na zaidi ya kidonge cha kwanza ingali kwenye damu. Isitoshe, mtu akiamka dawa ikiwa bado ina nguvu anaweza kutembea, kula, kupiga simu, hata kuwasha gari, na asikumbuke lolote. Mwaka 2019 onyo la aina hiyo liliwekwa mbele kabisa ya maelezo ya dawa hizi nchini Marekani. Anayeishi na mzee aongeze hatari ya kuanguka njiani kwenda msalani, maana mzee ambaye ini lake limepunguza kasi huamka kukojoa gizani wakati dawa iko kileleni.

Upande wa pili wa mizani, faida ni kiasi gani hasa? Uchambuzi wa pamoja wa majaribio yaliyowasilishwa kwa mamlaka ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba dawa za kundi la zolpidem zilimwahisha mtu kusinzia kwa takriban dakika 22 zaidi ya kidonge kisicho na dawa, pale usingizi ulipopimwa kwa mashine. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa usiku. Kwa mama mwenye saa tatu mkononi, hata tukimpa faida mara mbili ya hiyo, atakuwa amenunua dakika arobaini na kitu za usingizi kwa asubuhi nzima ya mwili uliopigwa ganzi nusu. Akibaki macho na kusinzia kidogo kidogo atakuwa mchovu, lakini uchovu huo anaujua na atajihadhari nao.

Kwa hiyo Jumanne hiyo, kwa maoni yangu, droo ibaki imefungwa. Aigeuze saa iangalie ukuta, na akiona kama dakika ishirini zimepita bila dalili ya kusinzia, aondoke kitandani akakae kwenye taa hafifu hadi kope zitakapokuwa nzito, kisha aamke saa ile ile ya kila siku hata kama alilala kidogo.

Usiku wa kuamkia Jumapili mambo hubadilika. Amezinduka saa nane na nusu, hakumeza chochote saa nne, hakunywa pombe, hana mtoto mchanga wa kumwamkia, hakoromi kwa kukatika pumzi, na hana safari kabla ya saa sita mchana. Anaweza kulala hadi saa nne asubuhi, yaani saa saba na nusu, na usukani uko saa tisa na nusu mbele. Kama daktari wake alishamruhusu nusu kidonge kwa usiku wa namna hiyo, sioni sababu ya kumkataza. Ila uamuzi huo aufanye kabla ya kulala, aandike kwenye kikaratasi juu ya droo saa ya mwisho ya kumeza, na akimeza aweke alama ya saa aliyomeza, kwa sababu mtu wa saa nane na nusu usiku huhesabu vibaya, na wa saa nne asubuhi huenda asikumbuke kama alimeza kimoja au viwili.