Ukomo wa riba Kenya, 2016 hadi 2019: nani aliulipia?

Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozifunga benki za Kenya pande mbili. Zisitoze mkopo zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, na zisimlipe mwenye akaunti ya akiba chini ya asilimia 70 ya riba hiyo hiyo. Sheria ilipoanza kutumika katikati ya Septemba, hesabu ikawa nyepesi kwa kila mtu: riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 10 baada ya kupunguzwa mwezi huo, basi mkopo mwisho asilimia 14, na akiba angalau asilimia 7. Nilifurahi siku ile, na sioni haya kusema hivyo. Wastani wa riba za mikopo ulikuwa karibu asilimia 18, huku akiba ikilipwa kidogo mno. Mwalimu aliyekuwa na mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara alipata nafuu ya kweli.

Miaka 3 baadaye, Novemba 2019, kifungu hicho, 33B cha sheria ya mabenki, kilifutwa. Nadhani hadi leo tunakijadili vibaya. Wengine wanasema wanasiasa waliharibu soko, wengine wanasema benki zilihujumu sheria njema. Swali lenye faida zaidi ni hili: riba iliposhikwa isipande, ile gharama iliyokuwa ndani yake ilikwenda wapi?

Anza na hesabu ya mtu wa benki. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ila mwendo wake ndio wa kila siku. Mama mwenye duka la rejareja anaomba shilingi 100,000 kwa mwaka mmoja. Pesa hizo benki imezipata kwa mweka akiba, na inamlipa asilimia 7. Afisa mikopo atakwenda kuliona duka, atajaza fomu, atafuatilia marejesho. Tuseme kazi hiyo inagharimu shilingi 5,000, yaani asilimia 5 ya mkopo. Tena katika wateja 100 wa aina yake, 6 hawatarudisha. Jumlisha: 7 na 5 na 6 ni 18. Sasa aje mwenye kiwanda anayetaka shilingi milioni 10. Hata kama kazi ya kumshughulikia inagharimu mara 4 zaidi, shilingi 20,000, hiyo ni sehemu ndogo sana ya mkopo, asilimia 0.2 tu. Ana hati ya kiwanja, na hatari yake tuseme asilimia 2. Jumla haifiki 10. Chini ya ukomo wa asilimia 14, wa pili analeta faida na wa kwanza analeta hasara kabla hujalipa kodi ya jengo. Sheria haikumkataza mtu yeyote kumkopesha mama wa duka. Ilifanya tu kumkopesha kuwe hasara.

Mlangoni pale pale alikuwa amesimama mkopaji mwingine asiyehitaji afisa wala dhamana ya kiwanja: serikali. Dhamana za Hazina, yaani hati za mikopo ya serikali, za mwaka mmoja, mwaka 2017 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 11. Kwa benki, asilimia 11 isiyo na jasho inashinda 14 yenye hasara. Hapa ndipo wanauchumi Ronald McKinnon na Edward Shaw, walioandika kuhusu jambo hili mwaka 1973, wanapotuhusu. Waliuita ukandamizaji wa sekta ya fedha: serikali inashusha bei ya pesa kwa amri, foleni ya wakopaji inarefuka, na anayehudumiwa kwanza ni serikali yenyewe pamoja na wakubwa wachache. Sidhani Bunge la Kenya lilikusudia hivyo. Lakini pesa hutiririka kama maji, na mteremko ulielekea Hazina.

Mikopo kwa sekta binafsi, iliyokuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka mnamo 2014, mwaka 2017 ilikua kwa karibu asilimia 2 tu. Tarakimu hiyo ndiyo silaha kubwa ya wapinzani wa ukomo, na wengi wanaitumia kupita kiasi. Kasi ilikuwa imeshashuka hadi tarakimu moja kabla sheria haijaanza. Benki 3 zilikuwa zimeanguka ndani ya miezi michache, Dubai Bank na Imperial mwaka 2015, kisha Chase Aprili 2016, na waliobaki walikuwa na hofu ya kukopesha. Mwaka 2017 ukaja na ukame na uchaguzi uliorudiwa. Ukomo uliongeza mzigo juu ya mgongo uliokwisha kuinama. Kusema ndio uliosababisha kila kitu si haki.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko katika jinsi watu walivyokopa. Aliyekataliwa benki hakuacha kuhitaji pesa. Alikwenda kwa shailoki, au akabonyeza simu. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza mwaka 2012, ilikuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kwa kuwa makato hayo yaliitwa ada, si riba, ukomo haukuyagusa. Ukikopa hivyo mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, umelipa asilimia 90. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumwokoa mtu na asilimia 18 ilimsukuma, kama hakuwa na mshahara wala hati, kuelekea 90. Na pesa ya siku 30 hununua bidhaa za kuuza wiki hii; hainunui cherehani wala mashine ya kusaga. Kwa uwekezaji, hilo ndilo pigo ninaloliona kubwa kuliko yote, maana hata anayepata pesa anazipata kwa muda usiotosha kujenga kitu.

Na mweka akiba je? Yeye ndiye aliyeahidiwa mengi na kukumbukwa kidogo. Sheria ilisema akaunti zinazolipa riba zilipe angalau asilimia 7. Benki zilichofanya ni kuzisogeza amana kuelekea akaunti za matumizi ya kawaida zisizolipa riba kabisa, na hapo sheria haikuwa na neno. Hata aliyepata ile asilimia 7, mfumuko wa bei wa mwaka 2017 ulikuwa wastani wa asilimia 8. Mwezi Mei ulifika 11.7. Alilinda sehemu ya akiba yake, hakuikuza. Mwaka 2018 kiwango hicho cha chini kikaondolewa, na ule wa juu ukabaki. Yaani mkono uliokuwa ukimshika mweka akiba uliachiliwa kwanza.

Watanzania wenye umri wanaijua hali hii katika sura yake kali zaidi. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, benki zilitaifishwa, na NBC ikawa karibu ndiyo benki ya nchi nzima, ikiagizwa kukopesha vyama vya ushirika, mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Miaka ya 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na riba ya amana ilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Weka shilingi 100 kwa asilimia 10 wakati bei zinapanda kwa 30: mwisho wa mwaka una 110 zinazonunua vitu ambavyo mwanzoni ungevipata kwa takriban 85. Mwenye akili alinunua mabati, matofali au ng'ombe. Hiyo nayo ni akiba, lakini haimfikii mtu mwingine mwenye wazo na asiye na mtaji. Kwa upande wa pili, mashirika yaliyopokea mikopo hayakuogopa kuikosa mwaka ujao, hata yakishindwa kulipa, na NBC ikajaa madeni mabaya hadi mageuzi ya mwaka 1991 yalipofungua mlango kwa benki binafsi.

Hata hivyo, anayetumia mfano huo kudai kwamba serikali isiguse mikopo kamwe anapaswa kujibu Korea Kusini, na hapo kazi si rahisi. Mwaka 1965 nchi hiyo iliongeza riba ya juu kabisa ya amana za muda maalumu kutoka asilimia 15 hadi 30, na amana zikafurika benki. Mpaka hapo McKinnon angetabasamu. Lakini serikali hiyo hiyo iliagiza pesa ziende wapi. Kampuni iliyoonyesha hati kwamba mnunuzi wa ng'ambo ameahidi kulipa kupitia benki yake ilipata mkopo kwa riba ndogo sana, bila kuulizwa mengi. Kipimo hakikuwa barua ya mkubwa wala ukabila; kilikuwa bidhaa iliyouzwa nje, ambayo huwezi kuidanganya kwa muda mrefu. Aliyeshindwa kuuza alinyimwa. Tofauti na NBC iko hapo. Wakorea nao walilipa: wafanyabiashara wadogo waliachwa kwenye soko la mikopo ya mitaani lenye riba kali, na msukumo wa viwanda vizito ulioanza mwaka 1973 uliacha mitambo mingi isiyo na wateja wa kutosha mwishoni mwa muongo.

Watetezi wa soko huru nao wana kurasa ambazo hawapendi kuzisoma. Kenya ilizifungulia riba Julai 1991. Kufikia 1993 na 1994 riba za mikopo zilikuwa zimepita asilimia 30, huku pengo kati ya anacholipwa mweka akiba na anachotozwa mkopaji likibaki pana. Ndiyo maana mwaka 2000 mbunge Joe Donde alileta sheria inayofanana sana na ile ya 2016, ikafia mahakamani. Mwanauchumi Joseph Stiglitz ameeleza kwa nini riba kubwa haimwondoi mkopaji mbaya: inamwondoa yule mwangalifu, anayejua hesabu yake, na kumbakiza anayecheza kamari na pesa za benki. Hoja hiyo ina uzito. Soko lenye benki chache kubwa halishushi riba kwa sababu tu limeachwa huru.

Kwa hiyo mimi nakubali malalamiko ya 2016 na kukataa dawa yake. Ukomo uliofungwa kwenye riba ya Benki Kuu ulikuwa na kasoro ambayo watetezi wake hawakuiona. Benki Kuu ilipotaka kuchangamsha uchumi mwaka 2018, ikashusha riba yake hadi 9.5 na kisha 9, ukomo nao ulishuka hadi 13.5 na 13, na watu wengi zaidi wakaangukia nje ya mstari. Dawa ya kuhimiza mikopo ikawa inaipunguza. Na riba ya Benki Kuu ilipofika asilimia 13, Februari 2024, ukomo ule ungeruhusu 17, karibu na pale pale palipowafanya watu walie mwaka 2016.